Kibali kipo, nondo ziko wapi?

Swali: "Mimi ni mkaguzi wa ndani katika taasisi ya umma inayosimamia miradi ya barabara. Nimepewa kukagua misamaha ya ushuru wa forodha ya mkandarasi wetu mmoja. Nimeletewa faili la vibali, vyote vina sahihi na mihuri, na hati za kupokelea mzigo zipo. Kwenye karatasi kila kitu kimetimia, lakini sina amani. Nianzie wapi kujua kama msamaha ulitolewa kihalali, na kama mzigo kweli ulifika kazini?"

Jibu: Ndugu mkaguzi, anza kwa kuliweka pembeni hilo faili la mkandarasi. Si kwamba ni la uongo. Tatizo ni kwamba limeandaliwa na mtu yuleyule unayemkagua. Kibali husainiwa mara moja, halafu hutumika mara nyingi, bandarini, uwanja wa ndege na mipakani, kwa miezi au miaka. Sahihi na muhuri vinakueleza siku ya kwanza tu. Mianya hutokea katika siku zinazofuata, na faili la vibali halizioni.

Tuanze na uhalali, kwa sababu ukikuta msamaha haukuwa na msingi, suala la mzigo kufika linakuwa la pili.

Watu wengi husema "msamaha wa kodi" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa mzigo unaoingia Tanzania kuna angalau sheria mbili zinazofanya kazi kwa pamoja. Ushuru wa forodha unasamehewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kifungu cha 114, kinachokupeleka kwenye Jedwali la Tano. Sehemu A ya jedwali hilo inataja watu na taasisi, wakiwemo wahisani wenye mikataba na serikali na miradi inayogharamiwa kwa misaada. Sehemu B inataja bidhaa zenyewe, bila kujali sana nani kaziagiza. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni habari nyingine. Kwa mradi wa serikali, Waziri wa Fedha husamehe kwa tangazo katika Gazeti la Serikali chini ya kifungu cha 6 cha sheria ya kodi hiyo ya mwaka 2014, na sharti ni kwamba bidhaa itumike kwa utekelezaji wa mradi huo tu. Kwa hiyo barua ya msamaha wa ushuru haibebi msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani, wala kinyume chake. Ukikuta mzigo umepita bila kodi zote mbili, dai misingi miwili.

Kuna pia nafuu ya ushuru chini ya kifungu cha 140, ambayo Baraza la Mawaziri la Jumuiya huwapa wenye viwanda na kuitangaza katika gazeti la Jumuiya. Hiyo ni ya malighafi za uzalishaji. Mkandarasi wa barabara akikuonyesha nafuu ya namna hiyo iliyotolewa kwa jina la kiwanda, ujue amenunua au ameazima haki isiyo yake.

Sasa panga mnyororo wa idhini kwa tarehe, kwenye ukurasa mmoja: mkataba wa fedha kati ya serikali na mfadhili, mkataba wa ujenzi, tangazo la Gazeti la Serikali, orodha ya bidhaa iliyoidhinishwa, barua ya kibali, kisha tamko la kwanza la forodha. Kila hatua inapaswa kuja baada ya ile iliyoitangulia. Hitilafu ninayoitazama kwanza ni tamko lenye tarehe iliyotangulia tangazo. Maelezo utakayopewa ni kwamba meli ilifika mapema na mradi ungechelewa. Huenda ni kweli, ila ni hoja ya kutafuta idhini, haigeuki kuwa idhini. Soma tangazo lenyewe, usiishie kwenye barua inayolinukuu: jina la mradi, mtekelezaji, na tarehe ya kuanza na ya kuisha. Mradi ukiongezewa muda, usidhani msamaha nao umeongezwa.

Katika mkataba wa ujenzi tafuta kipengele kimoja ambacho wakaguzi wengi hukiruka: bei ya mkandarasi ilijumuisha kodi au haikujumuisha? Kama alijaza bei zake akihesabu ushuru ndani, halafu akapata msamaha, basi serikali imesamehe kodi na wakati huohuo inamlipa kodi hiyohiyo kwenye kila hati ya malipo. Hapo hakuna nondo iliyopotea wala karatasi ya kughushi, na bado hasara inaweza kuipita ile ya mzigo kuuzwa mitaani. Angalia maelekezo kwa wazabuni, masharti maalumu ya mkataba, na mchanganuo wa bei za kipimo aliouwasilisha. Bei ya tani ya nondo ikiwa ndani yake kuna mstari wa ushuru, umepata hoja ya kwanza kabla hujatoka ofisini.

Uhalisi wa barua usiuthibitishe kwa kutazama sahihi. Andika kwa ofisi iliyotoa kibali, uwape kumbukumbu namba, tarehe na kiasi, nao wakujibu kutoka kwenye rejista yao. Usiwatumie nakala ukiuliza "hii ni yenu?", kwa sababu mtu mvivu atasema ndiyo. Waombe wao wakupe orodha ya vibali vyote walivyotoa kwa mradi huo. Kibali kilichopo kwenye faili lako na hakimo kwao ni dhahiri kina walakini. Kile kilichopo kwao na hakimo kwenye faili lako nacho kina swali: nani alikichukua, na kilitumika wapi?

Kisha isome orodha ya bidhaa. Orodha nzuri ina jina la bidhaa, namba ya ushuru, kipimo na kiasi. Orodha mbaya ina mistari kama "vipuri mbalimbali" au "na vifaa vingine vya mradi". Mstari wa namna hiyo hauna kikomo, na usio na kikomo hauwezi kukaguliwa. Uandike kama dosari ya idhini, kisha uchukue matamko yote yaliyopita chini yake uone ni nini hasa kiliingia. Vigae, viyoyozi na samani hupenda sana kupita hapo.

Baada ya uhalali inakuja kazi ambayo kwa maoni yangu ndiyo moyo wa ukaguzi huu: kukata kiasi. Kibali cha tani 600 ni kama akaunti yenye salio. Kila tamko linalopita linapunguza. Kama hakuna anayeshika salio hilo, kibali kimoja kinaweza kuingiza tani 900 na kila tamko likaonekana safi peke yake.

Data hii iombe Mamlaka ya Mapato moja kwa moja, kwa barua ya taasisi yako, usiipokee kwa mkandarasi. Omba matamko yote (TANSAD) ya namba ya mlipa kodi ya mkandarasi na ya taasisi yako, kwa vituo vyote, yakiwa na: namba na tarehe ya tamko, kituo, jina la mpokeaji, wakala wa forodha, namba ya ushuru, maelezo ya bidhaa, uzito, kipimo na kiasi, thamani ya forodha, msimbo wa utaratibu (CPC), namba ya kibali, na kodi iliyosamehewa kwa kila aina. Msimbo huo unaanza na 4000 kwa bidhaa zinazobaki nchini kwa matumizi, na tarakimu zinazoongezwa baada yake ndizo zinazotaja aina ya msamaha. Omba pia matamko yaliyofutwa na yaliyorekebishwa. Tamko lililorekebishwa baada ya mzigo kutoka, hasa kwenye kiasi au jina la mpokeaji, lisomwe kwa utulivu.

Weka vibali kwenye karatasi moja ya jedwali na matamko kwenye nyingine. Ikiwa kwenye karatasi ya vibali A ni namba ya kibali, B ni namba ya ushuru na D ni kiasi kilichoidhinishwa, na kwenye karatasi ya matamko uliyoiita Tamko B ni namba ya kibali, C ni namba ya ushuru na H ni kiasi, salio linapatikana hivi:

```
=D2-SUMIFS(Tamko!H:H,Tamko!B:B,A2,Tamko!C:C,B2)
```

Kabla ya kuiamini, safisha mambo mawili. La kwanza ni namba za kibali. Mawakala huziandika kila mmoja anavyojua, mwingine kwa mkwaju, mwingine kwa nukta, mwingine anaacha mwaka, na kompyuta huona vibali vitatu badala ya kimoja. Huo uzembe ni maficho mazuri kwa mwenye nia mbaya. La pili ni vipimo. Kibali kinasema tani, tamko linasema kilo, jingine linasema vipande. Geuza vyote viwe kipimo kimoja kwa kutumia uzito halisi uliotajwa kwenye tamko. Salio hasi ni hoja tayari. Matamko yenye msimbo wa msamaha lakini hayana namba ya kibali yoyote ni hoja kubwa zaidi.

Kutoka kwenye jedwali hilo sasa unachagua cha kufuatilia. Sampuli ya bahati nasibu peke yake haitoshi. Chagua bidhaa zenye soko la haraka: nondo, tairi, saruji, vilainishi. Mtambo wa kusaga kokoto hauuziki Kariakoo jioni moja, ila nondo zinauzika. Ongeza matamko ya miezi ya mwisho ya kibali, maana salio lililobaki hushawishi, na yale yaliyopitia wakala tofauti na wa kawaida.

Nitakupitisha kwenye hesabu moja ya kubuni ili uone inavyokwenda. Barabara ya kilomita 42 mkoani Singida, ina makalavati na madaraja mawili. Kibali kinaruhusu tani 600 za nondo. Matamko yanaonyesha zimeingia tani 588, kwa hiyo salio ni tani 12 na hakuna aliyevuka kikomo. Hati za kupokelea mzigo ni 21, kila moja tani 28, jumla 588. Kwa anayekagua karatasi, kazi imekwisha hapo, na hilo ndilo faili ulilonalo mezani.

Swali la kwanza ni kama mradi ulihitaji tani 600. Fungua mchanganuo wa kazi na bei uliomo kwenye mkataba, jumlisha mistari yote ya nondo. Tuseme inakupa tani 410. Ongeza asilimia 5 ya vipande vinavyobaki baada ya kukata, unapata kama tani 430. Kibali kilizidi mahitaji kwa tani 170 tangu siku ya kwanza. Hii ni dosari ya aliyeidhinisha, na inaeleza kwa nini mianya iliyofuata iliwezekana. Uliza nani alilinganisha orodha na mchanganuo kabla ya kusaini. Mara nyingi jibu ni kwamba mhandisi alidhani forodha watalinganisha, na forodha walidhani mhandisi ameshalinganisha.

Swali la pili ni matumizi. Hapa tumia hati za malipo alizothibitisha mhandisi mshauri, kwa sababu yeye hupima chuma kilichofungwa kwenye kazi, na mkandarasi hana sababu ya kupunguza kipimo anacholipwa. Hati ya mwisho inasema tani 268. Mabaki ya kukata kwa asilimia 5 ni tani 13.4. Stoo umehesabu mwenyewe ukakuta tani 45. Jumla 326.4. Kati ya 588 zilizoingia, tani 261.6 hazina maelezo.

Usikimbilie kuandika hoja. Kaa uzitafute sababu halali, maana usipozitafuta wewe, mkandarasi atakuja nazo siku ya kikao cha kufunga ukaguzi. Kuna nondo zilizofungwa ila hazijathibitishwa kwa malipo? Mshauri anasema hapana, kipimo ni cha wiki iliyopita. Kuna mzigo bado bandari kavu? Matamko yote yana hati ya kutoka. Kuna yadi ya mkandarasi mdogo anayefyatua makalavati? Ndiyo, na umeenda ukahesabu tani 36. Kambi ya wafanyakazi ilijengwa kwa nondo hizi? Michoro ya kambi inaonyesha tani 12. Zikubali kwenye hesabu ya kufika, lakini ziandike peke yake: kama orodha iliyoidhinishwa ilitaja nondo za madaraja na makalavati, kambi ni matumizi nje ya kibali. Ukiondoa 36 na 12, zinabaki tani 213.6.

Swali la tatu ni safari, na hili ndilo lililokosekana kwenye faili lako. Kutoka Dar es Salaam hadi Singida ni karibu kilomita 700, na lori zito la mizigo haliwezi kufika bila kupita mizani ya barabarani: Vigwaza, Mikese, Nala. Kila mzani una rekodi ya namba ya gari, tarehe, saa na uzito wa ekseli. Rekodi hizi hazishikwi na mkandarasi wala na forodha, na aliyezitunza alikuwa anatafuta malori yaliyozidisha uzito, si nondo zako. Ushahidi wa mtu asiye na maslahi ndio wenye nguvu. Chukua namba 21 za malori kutoka kwenye hati za kutokea bandarini, si kutoka kwenye hati za kupokelea mzigo, kisha omba rekodi za siku tatu hadi tano baada ya kila tarehe ya kutoka.

Tuseme malori 13 yameonekana kwenye mizani zote, yakiwa na uzito unaolingana na mzigo. Hayo ni tani 364. Mengine 8 hayaonekani hata Vigwaza, maana yake hayakutoka mbali na Dar es Salaam kwa njia hiyo. Hayo ni tani 224. Njia ya matumizi ilikupa 213.6, njia ya mizani imekupa 224. Tofauti ni tani 10.4, na inaelezeka: ulikubali tani 13.4 za mabaki, huenda halisi zilikuwa 3 tu. Njia mbili zisizotegemeana zinapokaribiana namna hii, una hoja inayosimama. Andika ile ndogo, 213.6, ueleze kwa nini umeichagua. Mkaguzi anayechukua namba kubwa hupoteza siku nzima akibishania tani kumi.

Sasa rudi kwenye zile hati 8 za kupokelea mzigo. Weka tarehe ya hati pembeni ya saa ya kutoka bandarini. Lori lililotoka saa tisa alasiri likapokelewa Singida jioni hiyohiyo ni lori la kwenye karatasi. Angalia mfuatano wa namba za kitabu: hati nane zenye namba zinazofuatana lakini tarehe za miezi mitatu tofauti zimeandikwa siku moja. Namba za magari zitazame kwenye usajili. Si ajabu kukuta gari dogo la abiria "limebeba" tani 28. Mlinzi wa geti la kambi naye ana daftari lake, na mara nyingi hakuna aliyekumbuka kulirekebisha.

Nondo zenyewe pia zinasema. Kila fungu hutoka kiwandani na kibandiko chenye namba ya myeyuko wa chuma, na namba hiyo imo kwenye cheti cha kiwanda kilichoambatishwa wakati wa kuagiza. Mhandisi mshauri huchukua vipande kwenda kupima uimara maabara, na ripoti ya maabara hutaja namba hiyo pamoja na tarehe. Orodhesha namba zote za myeyuko zilizopo kwenye vyeti vya matamko 21, kisha tafuta zipi zilifika maabara. Namba ambazo hazijapimwa kabisa zikiangukia matamko yale 8, mnyororo umefungwa. Tazama pia alama iliyochorwa kwenye mwili wa nondo stoo. Ukikuta alama ya kiwanda cha hapa nchini, uliza ankara: mkandarasi aliyeagiza chuma bila kodi halafu akanunua kingine mjini ana jambo la kueleza.

Kiasi cha kodi kinatoka kwenye matamko yenyewe. Kwa mfano wetu, chukua thamani ya forodha shilingi 1,800,000 kwa tani na ushuru wa asilimia 25. Tani 213.6 zina thamani ya 384,480,000. Ushuru ni 96,120,000. Kodi ya ongezeko la thamani haikokotolewi juu ya thamani peke yake, ni juu ya thamani pamoja na ushuru: asilimia 18 ya 480,600,000, yaani 86,508,000. Jumla 182,628,000, bila tozo ndogondogo za forodha na bila riba. Kosa la kila siku ni kupiga asilimia 18 kwenye 384,480,000. Unapunguza madai kwa zaidi ya milioni 17. Kwenye ripoti weka kiwango kilichosomeka kwenye tamko husika, kwa kuwa viwango vya bidhaa za chuma hubadilishwa kwa matangazo ya kila mwaka wa bajeti.

Kuhusu magari na mitambo, njia ni fupi zaidi. Kila kimoja kina namba ya chesisi. Zichukue kutoka kwenye matamko, nenda uwanjani uzisome kwenye chuma, si kwenye kadi. Kisha omba historia ya umiliki kwenye usajili wa Mamlaka ya Mapato. Gari la mradi lililobadilishwa jina kwenda kwa mtu binafsi linadaiwa ushuru isipokuwa kuna idhini na stakabadhi ya malipo. Magari yenye namba za DFP, yaani ya miradi inayogharamiwa na wahisani, yaangalie hasa mradi unapokaribia kufungwa, maana hapo ndipo "hupotea". Mitambo inayohamishiwa mradi mwingine wa mkandarasi huyohuyo nayo inahitaji idhini mpya. Msamaha unafuata mradi, haumfuati mwenye mtambo.

Hili la mwisho ndilo hukanganya watu kuhusu neno "mnufaika". Kwenye barabara mnufaika ni mradi, na mkandarasi ni mkono tu. Kwenye msaada wa vifaa tiba, mnufaika ni kituo cha afya kilichotajwa, si shirika lililoagiza. Huko unafuata namba za utambulisho za mashine hadi wodini. Mashine iliyokaa ghalani kwa shirika miaka miwili haijamfikia mnufaika, hata kama haijaibwa.

Mipaka ya mamlaka yako uijue. Wewe ni mkaguzi wa ndani: unaweza kudai nyaraka kwa mkandarasi kwa nguvu ya mkataba, lakini huwezi kuingia duka la vifaa vya ujenzi ukadai vitabu vyao. Maofisa wa forodha wanaweza, chini ya vifungu vya 235 na 236 vya sheria ya forodha, na nyaraka za uagizaji wanaweza kuzidai ndani ya miaka mitano tangu mzigo uingie. Kwa hiyo hesabu tarehe. Tamko la mwaka wa nne likabidhiwe mapema pamoja na jedwali lako, rekodi za mizani na orodha ya namba za myeyuko, kabla muda haujapita. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali naye ataikuta kwenye faili.

Na kwenye kuandika hoja, chunga kitenzi. Ushahidi ulio nao unathibitisha kwamba tani 213.6 hazikuthibitika kufika wala kutumika kwenye mradi. Hauthibitishi kwamba ziliuzwa, wala kwa nani. Andika "hazikuthibitika kufika", taja matamko 8 kwa namba, weka hesabu yote kwenye kiambatisho, na tenganisha hoja tatu: kibali kilichozidi mahitaji kwa tani 170, ambacho ni cha waliosaini, tani 12 za kambi, ambazo ni matumizi nje ya orodha, na tani 213.6, ambazo ni za mkandarasi kujibu. Ukizichanganya, mwenye kosa dogo atajificha nyuma ya mwenye kosa kubwa, na barua ya majibu itazungumzia kambi tu.